Asilimia 41 ya nini?

Ziara ya kiongozi kwenye mradi wa ujenzi ina sentensi moja isiyokosekana. Meneja wa mradi, kofia ngumu kichwani na makaratasi mkononi, anasimama mbele ya wageni na kusema mradi umefikia asilimia 41. Kiongozi anatikisa kichwa, anamtaka mkandarasi aongeze kasi, waandishi wananakili, na kesho yake namba hiyo inakuwa kichwa cha habari. Kwa miaka mingi tumezisoma asilimia hizi za barabara, madaraja, mabwawa na vituo vya afya, na ni mara chache sana kusikia mtu akiuliza swali ambalo lingetakiwa kuwa la kwanza: asilimia 41 ya nini? Ya fedha zilizolipwa, ya muda uliopita, au ya kazi ambayo mtu anaweza kwenda kuigusa kwa mkono? Hayo ni mambo matatu tofauti, na katika saiti iliyo taabani huachana kwa umbali mkubwa.

Sidai kwamba mameneja wa miradi ni waongo. Wengi wao wanajua hali ya saiti yao vizuri kuliko mtu mwingine yeyote. Ninachodai ni kwamba namba moja iliyosimama peke yake haina kitu cha kuisuta, na namba isiyoweza kusutwa haistahili kuaminiwa hata kama ni ya kweli. Bajeti, ratiba, rekodi ya usalama na orodha ya watu walioko kazini vinapaswa kuwekwa mezani pamoja, kwa namna ambayo kimoja kikidanganya kingine kitakifichua. Hapo ndipo taarifa ya mradi inapopata uzito. Kabla ya hapo ni hotuba.

Tuanze na mradi ambao kila Mtanzania anaujua. Mkataba wa Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji ulisainiwa Desemba 2018, kwa gharama ya takriban shilingi trilioni 6.5, na lengo lilikuwa kazi ikamilike Juni 2022. Kujaza maji bwawani kulianza Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukaanza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024. Bwawa limejengwa, na mitambo yake 9 ya megawati 235 kila mmoja ni mali ya kweli. Hilo halina ubishi. Lakini katika safari yote hiyo umma ulikuwa unapewa asilimia, na asilimia zilikuwa zinapanda, kwa sababu asilimia ya utekelezaji haina njia nyingine ya kwenda isipokuwa kupanda. Bwawa lililofikia asilimia 80 linazalisha megawati sifuri. Aliyetaka kujua umeme utawashwa lini alihitaji namba nyingine: kwa ratiba ya awali leo tulitakiwa tuwe wapi, na kwa kasi ya miezi michache iliyopita tutafika lini. Namba hizo mbili haziwezi kupanda tu, kwani mambo yakiharibika huonyesha.

Ili jambo hili lieleweke, tuchukue mradi wa mfano tutakaoufanyia hesabu wenyewe. Ni jengo la hospitali lenye sakafu ya chini na ghorofa nne juu yake, mkataba wa shilingi bilioni 4.8 kwa miezi 16. Mkandarasi amepiga hesabu zake akaona kazi itamgharimu bilioni 4.4, faida ikiwa milioni 400. Tuko mwisho wa mwezi wa nane. Ratiba iliyokubaliwa inasema kufikia leo nusu ya kazi iwe imekwisha, na meneja anatangaza asilimia 41. Kwa masikio ya mgeni hali si mbaya: pengo ni pointi tisa tu, na akisisitizwa kidogo atalifidia.

Sasa tuivunje hiyo 41. Inatokana na fedha ambazo mwenye mradi amekwisha kuzitoa, takriban shilingi bilioni 2. Ndani yake mna malipo ya awali aliyopewa mkandarasi ili aanze kazi, ambayo bado hayajarejeshwa yote kwa makato ya kila hati ya malipo. Mna pia bei ya vifaa vilivyoletwa saiti na kulipiwa lakini havijatumika: nondo, nyaya, na hata vigae vya sakafu kwa jengo ambalo kuta zake ndiyo kwanza zinaanza. Kununua vigae mwezi wa nane si kosa kisheria, na bei ikipanda baadaye huenda ikaonekana ni busara. Lakini vigae vilivyorundikwa stoo vinapandisha asilimia bila kulipandisha jengo.

Tuhesabu kilichojengwa. Mkadiriaji majenzi ana orodha ya vipimo na bei ya kila kazi, na humo kila sehemu ina uzito wake. Maandalizi ya saiti na gharama za kuiendesha ni asilimia 8 ya mkataba. Kwa miezi hii minane tumempa kwa ukarimu 4.8 kati ya hizo. Msingi ni 14, na umekwisha. Nguzo, boriti na sakafu za zege ni 26. Sakafu mbili kati ya nne zimemwagwa, kwa hiyo 13. Kuta ni 8, zimeanza kidogo tu upande mmoja, tuseme 1.2. Paa, umaliziaji, mabomba na umeme, ambavyo kwa pamoja ni asilimia 44 ya fedha zote, bado havijaguswa. Jumla ni 33. Pengo si pointi tisa tena, ni 17, na maana yake inabadilika kabisa. Timu hii imekuwa ikienda kwa wastani wa asilimia 4 kwa mwezi. Ili imalize kwa wakati inatakiwa iende zaidi ya asilimia 8 kila mwezi, yaani iongeze kasi mara mbili katika miezi minane iliyobaki. Miezi hiyo ndiyo ile ambayo fundi wa plasta, fundi bomba, fundi umeme na wa milango watakuwa wanapigana vikumbo kwenye korido moja.

Upande wa fedha una habari yake. Kazi ya asilimia 33, kwa bajeti ya mkandarasi ya bilioni 4.4, ilitakiwa imgharimu bilioni 1.45. Daftari lake la matumizi linaonyesha bilioni 1.65. Kwa kila shilingi 100 anayotumia anapata kazi ya shilingi 88. Akiendelea hivyo hadi mwisho, jengo litamgharimu bilioni 5, na mkataba ni wa 4.8. Faida ya milioni 400 imegeuka hasara ya milioni 200, ingawa yeye mwenyewe huenda hajui, kwa kuwa malipo ya awali bado yanaifanya akaunti yake ionekane imeshiba. Mkandarasi mwenye fedha benki na hasara mbele yake ni mtu wa kuangaliwa kwa makini sana, kwa sababu siku atakapoigundua hasara hiyo atatafuta mahali pa kuiokota.

Mahali penyewe panajulikana. Bei ya saruji hawezi kuishusha, wala ya nondo. Anachoweza kupunguza ni muda na vile vitu ambavyo zege likishakauka havionekani. Sakafu ya zege yenye unene wa milimita 150 ina uzito wa takriban kilo 360 kwa kila mita ya mraba, na uzito huo wote unabebwa na mirunda hadi zege lipate nguvu ya kujibeba. Kutegemea upana wa nafasi kati ya nguzo, mirunda hukaa wiki mbili hadi tatu, na chini ya boriti hukaa zaidi. Ratiba ikibanwa, mirunda ndiyo inayohamishwa mapema, kwa sababu inahitajika ghorofa ya juu na kukodisha seti ya pili ni gharama. Ndiyo maana nasema ratiba ni waraka wa usalama. Ukiona kwenye ratiba mpya ya kufidia muda kwamba sakafu iliyokuwa ikichukua siku 21 sasa imepewa 10, usianze kwa kupongeza kasi. Uliza mirunda ya ziada imeletwa lini na ni mingapi.

Saruji nayo inasema. Sakafu moja ya jengo letu, mita za mraba 600 pamoja na boriti zake, inahitaji takriban mita za ujazo 120 za zege. Kwa zege la nguvu ya kawaida ya majengo kama haya, kila mita ya ujazo hula kama mifuko 7 ya kilo 50. Sakafu moja ni mifuko 840, mbili ni 1,680. Hapo hatujagusa nguzo wala ngazi. Basi meneja akisema sakafu mbili zimekamilika, stakabadhi za kupokea saruji kwa kipindi hicho zinatakiwa zipite idadi hiyo. Zikionyesha mifuko 1,300, ama sakafu ni nyembamba kuliko michoro, ama zege lina saruji pungufu, ama mifuko ilitoka nje usiku. Yote matatu yanamhusu mgonjwa atakayelazwa hapo. Ushahidi wa mwisho uko maabara, kwenye vipande vya mchemraba vilivyochukuliwa siku ya kumwaga na kuvunjwa kwa mashine baada ya siku 7 na 28. Zege likiwa la kipimo cha 25, kipande cha siku 28 kisichofika hapo hakibishaniwi kwa maneno. Wala ukosefu wa vipande vyenyewe haubishaniwi. Sakafu iliyomwagwa bila sampuli imekosa shahidi.

Machi 29, 2013, jengo lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10 na jengo lilikuwa limefika 16. Kuhesabu ghorofa hakuhitaji digrii ya uhandisi. Kilichokosekana ni utaratibu unaoiweka namba ya kibali karibu na namba iliyo angani, na kumlazimisha mtu mmoja mwenye jina kueleza tofauti yake.

Tuje kwenye rekodi ya usalama, sehemu ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayopotosha kuliko zote. Kwenye lango la saiti nyingi kuna kibao kinachotangaza siku kadhaa bila ajali. Mradi wetu wa mfano una wastani wa watu 85, saa 9 kwa siku, siku 26 kwa mwezi; kwa miezi minane ni takriban saa 159,000 za kazi. Meneja anasema hajapata hata ajali moja ya kumlaza mtu nyumbani, na wageni wanapiga makofi. Lakini vipimo vya usalama huhesabiwa kwa saa milioni moja, na kwa sababu nzuri. Tuseme saiti hii kwa asili yake ni ya hatari kiasi cha kutoa ajali 5 kwa kila saa milioni. Kwa saa 159,000 tungetarajia ajali pungufu ya moja, na uwezekano wa kupita miezi yote minane bila hata moja, kwa bahati tu, unakaribia asilimia 45. Hata hatari ikiwa maradufu, saiti moja katika kila tano bado ingejisifia sifuri. Kwa mradi wa ukubwa huu, sifuri haithibitishi kitu.

Ningeamini zaidi daftari lenye matukio mengi madogo: kidole kilichokatwa na nondo kikafungwa bandeji, ubao ulioanguka kutoka jukwaani ukamkosa mtu, fundi aliyeteleza bila kuumia. Saiti ya watu 85 inayomwaga zege, kukata chuma na kupanda majukwaa kwa miezi minane haiwezi kukosa hayo. Ikiwa safu ya majeraha madogo nayo ni sifuri, na ile ya ajali zilizokaribia kutokea ni sifuri, basi kilicho salama hapo ni daftari. Aprili 20, 2010, mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Meksiko na kuua watu 11. Siku hiyo hiyo viongozi wa kampuni walikuwa juu ya mtambo huo, na mojawapo ya mambo waliyokuja kuyapongeza ni miaka saba bila ajali ya kumtoa mtu kazini. Rekodi ile haikuwa ya uongo. Ilikuwa inapima miguu iliyoteguka, na hatari ilikuwa kwenye kisima.

Hapa orodha ya watu inakuwa na kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Katika saiti zetu, mkandarasi mkuu huajiri kikundi kidogo: mhandisi wa saiti, foromani, mtunza stoo, mlinzi, mafundi wachache wa kudumu. Wasuka nondo wanakuja na nyapara wao, wajenzi wa kuta vivyo hivyo, na siku ya kumwaga zege vibarua huokotwa getini asubuhi na kulipwa jioni. Kibarua akivunjika mkono, hupewa nauli na fedha ya hospitali, kesho nafasi yake inachukuliwa na mwingine, na saa zake hazikuwemo kwenye hesabu tangu mwanzo. Njia ya kulijua hili ni nyepesi. Linganisha orodha ya mahudhurio ya getini na idadi ya watu ambao mwajiri anawachangia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Getini 85, kwenye mfuko 30: basi watu 55 wako nje ya rekodi ya usalama inayosomwa mbele ya kiongozi, na hao ndio wanaopanda juu.

Nimesikia mapingamizi kutoka kwa wahandisi wenyewe, na yana uzito. La kwanza ni kwamba ucheleweshaji mwingi hauanzii kwa mkandarasi. Serikali au mwenye mradi anachelewa kulipa, michoro inabadilishwa katikati, fidia ya ardhi haijakamilika, halafu meneja ndiye anayefokewa mbele ya kamera. Ni kweli, na mara nyingi sana ni kweli. Lakini hiyo ni hoja ya kuongeza namba kwenye taarifa. Mkataba wa FIDIC wa mwaka 1999, unaotumika kwenye miradi mingi mikubwa ya ukanda huu, unampa mwenye mradi siku 56 kulipa tangu mhandisi apokee madai ya mkandarasi. Basi taarifa ya kila mwezi iwe na mstari mmoja kwa kila hati: imewasilishwa lini, imeidhinishwa lini, imelipwa lini. Meneja anayeonyesha hati iliyokaa siku 140 bila kulipwa amejitetea vizuri kuliko hotuba yoyote, na lawama imekwenda inakostahili, hata kama anayestahili ndiye aliyekuja kukagua. Asilimia moja tupu inamficha mdeni kama inavyomficha mvivu.

Pingamizi la pili ni kwamba miradi yote duniani huchelewa, kwa hiyo kuanika pengo la pointi 17 ni kumdhalilisha mtu kwa jambo la kawaida. Bent Flyvbjerg, mtafiti aliyekusanya takwimu za miradi zaidi ya 16,000 ya nchi nyingi, aliandika mwaka 2023 kwamba ni asilimia 8.5 tu ya miradi hiyo iliyomalizika ndani ya bajeti na muda pamoja. Nakubali kabisa kwamba kuchelewa ni kawaida. Lakini kama ni kawaida, taarifa inayodai kila mwezi kwamba tarehe ya mwisho haijabadilika ndiyo inayotia shaka. Ningependa meneja apimwe kwa jinsi utabiri wake unavyotulia. Aliyesema mwezi wa nane kwamba jengo litachukua miezi 23, na mwezi wa kumi na mbili akasema 24, anaijua saiti yake. Aliyesema 16 hadi mwezi wa kumi na tano, kisha ghafla akaomba nyongeza ya miezi minane, alikuwa anajua muda wote au hakuwa anajua kabisa, na sijui lipi ni baya zaidi kwa mtu anayesimamia bilioni 4.8.

Pingamizi la tatu linanigusa zaidi, la mkandarasi mdogo wa wilayani. Anauliza: hesabu zote hizi nitazifanya na nani, mimi sina mkadiriaji wa kudumu wala programu za kompyuta? Namjibu kwamba hakuna hata moja kati ya hesabu zilizomo humu inayozidi kuzidisha na kugawanya. Orodha ya vipimo na bei anayo, kwa kuwa bila hiyo asingepata zabuni. Stakabadhi za saruji anazo. Daftari la mahudhurio analo, kwa sababu kila Jumamosi analipa watu. Asichokuwa nacho ni mtu anayemuuliza, kwani mhandisi wa halmashauri anataka asilimia ya kupeleka kwenye kikao, na kikao kinataka asilimia ya kupeleka mkoani.

Na hapo ndipo ningeanzia, kwenye fomu ya halmashauri. Nafasi iliyoandikwa asilimia ya utekelezaji ibaki, lakini pembeni yake ziongezwe asilimia iliyopangwa kwa tarehe hiyo, asilimia ya fedha zilizotolewa, tarehe ya kumaliza kwa kasi ya miezi mitatu iliyopita, mifuko ya saruji iliyopokelewa, matokeo ya mchemraba ya siku 28, na idadi ya watu getini dhidi ya idadi kwenye mfuko wa fidia. Nafasi saba, ukurasa mmoja, unaobandikwa kwenye kibao cha mradi ambapo diwani, mgonjwa na mwanafunzi wa ufundi wanapita. Mkandarasi wetu wa hospitali angelazimika kuandika 33 chini ya 41, na 50 juu yake, mwezi wa nane, wakati bado ipo miezi minane ya kufanya jambo: kuongeza kikundi cha pili cha wajenzi, kukodi mirunda ya ziada, au kukaa na mwenye mradi na kukubaliana tarehe mpya kabla faini ya ucheleweshaji haijaanza kuhesabiwa. Kwa kiwango cha asilimia 0.1 ya mkataba kwa siku na kikomo cha asilimia 10, ambavyo si vigeni katika mikataba yetu, faini hiyo ni milioni 4.8 kila siku kwa siku 100. Siku ya 101 haimuumi tena, na wodi bado hazina milango.